Talaka Huanzia Barazani

Mwanamke anaingia masjala ya Mahakama ya Wilaya akiwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Ni talaka aliyoandikiwa na mumewe, ina sahihi ya mume na ya mashahidi wawili. Anaikunjua juu ya meza ya karani na kusema amekuja kugawana nyumba. Karani anaisoma mpaka mwisho, anaigeuza kuona kama nyuma kuna maandishi mengine, kisha anamuuliza: "Mama, cheti cha baraza kiko wapi?"

Hana. Hajui hata ni cheti gani kinachoulizwa. Amepanda daladala mbili kuja mjini akiamini kwamba ndoa imeshakwisha na kilichobaki ni mali tu. Anaelezwa kwamba kwa upande wa serikali yeye bado ni mke wa mtu, na kwamba shauri lake haliwezi kupokelewa mpaka apite mahali pengine kwanza.

Mama huyu ni wa mfano. Tumemtunga ili tuifuate safari ya maombi ya talaka Tanzania Bara hatua kwa hatua, kuanzia siku ya kwanza mpaka siku anapotoka na amri ya mahakama. Tuseme ni fundi cherehani wa Morogoro, ameolewa mwaka 2011 kwa ndoa ya Kiislamu. Mumewe ni dereva wa lori. Wana watoto wawili, wa miaka 11 na 5, na nyumba ya vyumba vinne. Talaka aliyoandikiwa Januari 2024 ni moja.

Sheria inayomhusu ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo leo ni Sura ya 29 ya sheria za nchi. Kabla yake Waislamu, Wakristo, Wahindu na watu waliooana kimila walikuwa na sheria zao mbalimbali. Sheria ya 1971 iliacha kila mtu afunge ndoa kwa namna ya dini au mila yake, lakini mlango wa kutokea ikaufanya mmoja. Ndoa iwe ya msikitini, kanisani, bomani au ya kimila, kwa serikali inavunjwa na mahakama. Zanzibar sheria hii haitumiki. Huko Waislamu hupeleka mashauri yao ya ndoa kwenye mahakama za kadhi.

Kwa nini karatasi ya mume haikutosha

Kifungu cha 101 kinasema kwamba mtu haruhusiwi kupeleka maombi ya talaka mahakamani mpaka kwanza apeleke mgogoro wake kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na baraza hilo lithibitishe kwa cheti kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Hili si pendekezo wala si hisani. Mahakama zetu zimekwisha kufuta mashauri mengi yaliyofunguliwa bila cheti hicho, mengine yakiwa yamefika mpaka Mahakama ya Rufani baada ya miaka kadhaa. Watu walitoa ushahidi, wakagawiwa mali, wakakata rufaa, mwisho majaji wakakuta kwamba shauri lilizaliwa kabla ya wakati wake. Kila kilichojengwa juu yake kikaanguka pamoja nalo.

Kwa Waislamu kuna jambo la ziada, nalo ndilo lililomkwamisha mama yetu. Kifungu cha 107 kinaitambua talaka ya Kiislamu, ila kwa utaratibu maalumu. Ikiwa ndoa ilifungwa Kiislamu, baraza likatoa cheti kwamba limeshindwa kusuluhisha, na baada ya cheti hicho mmoja wao akafanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, basi mahakama inapaswa kukubali kwamba ndoa imevunjika kabisa na kutoa talaka. Neno zito hapo ni "baada". Cheti kinatangulia, talaka inafuata. Mume wa Morogoro aliandika talaka Januari, kabla baraza lolote halijaketi. Masheikh wanaweza kuizungumzia talaka hiyo kwa hukumu zake za eda na rejea. Mahakama nayo haiwezi kuitumia kama njia ya mkato.

Kabla ya kumtuma barazani, mtu anayejua sheria angemuuliza swali jingine: ndoa ina umri gani? Ndoa ambayo haijatimiza miaka 2 haiombewi talaka bila ruhusa ya mahakama, na ruhusa hiyo hutolewa tu kwa anayeonyesha kwamba anapata mateso yasiyo ya kawaida. Ndoa yake ina miaka 13, kwa hiyo hapo anapita.

Kwenye benchi la kata

Sheria inataka kila kata iwe na Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Waziri anaweza pia kuitambua kamati iliyoundwa na jumuiya yenyewe ifanye kazi hiyo, na ndiyo sababu baadhi ya wanandoa husuluhishwa kwenye mabaraza ya BAKWATA au ya makanisa. Baraza huwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Kwa hiyo barua iliyoandikwa na mwenyekiti wa mtaa peke yake, au na mchungaji aliyezungumza na wanandoa sebuleni kwake, hata iwe na muhuri mkubwa namna gani, si cheti cha baraza.

Swali linalofuata ni baraza la kata ipi. Wengi huenda la karibu na wanakoishi baada ya kuondoka nyumbani, yaani la kata ya wazazi wao. Sheria inataja baraza la kata anayoishi mume. Ikiwa mume haishi Tanzania, ndipo inapokuwa kata ya mke. Mama yetu amehamia kwa dada yake upande wa pili wa mji, lakini anarudi kwenye kata ya mumewe kuandikisha lalamiko.

Baraza linamwita mume. Siku ya kwanza hatokei, yuko safarini. Anaitwa tena kwa tarehe nyingine, na safari hii anakuja na kaka yake. Mawakili hawaruhusiwi kuwawakilisha watu mbele ya baraza, lakini ndugu wa familia anaweza kumsemea mtu. Wajumbe wanne wamekaa, mke anaanza kueleza. Anasema mumewe haleti matumizi tangu mwaka 2021, na kwamba alimpiga mara mbili mbele ya watoto. Kisha mwenyekiti anamgeukia mume.

"Haya bwana, mwenzako tumemsikia. Nawe tueleze, taratibu, bila kufoka."

"Mzee, mimi huyu nimeshamwandikia. Mnaniuliza nini tena?"

"Umemwandikia moja, na eda haijaisha. Mlango wa kurudiana bado uko wazi. Sisi tumekaa hapa kuuliza kama kuna anayetaka kuupita."

Maneno hayo ya mwenyekiti ndiyo kazi yote ya baraza. Halikai kumtafuta mwenye makosa na kumhukumu, na halina uwezo wa kuvunja ndoa. Halina pia uwezo wa kugawa nyumba, hata kama wanandoa wenyewe wanaliomba lifanye hivyo. Linasikiliza pande zote mbili, linauliza kama kuna namna ya kurudi, na likiona hakuna, linaandika. Linaweza kuambatanisha mapendekezo yake kuhusu matunzo, watoto na mali, lakini hayo ni ushauri kwa mahakama tu.

Wakati mwingine baraza hufanikiwa. Mume anakubali kuleta matumizi kupitia kwa kaka yake, wanapewa mwezi wa kujaribu, na hawarudi tena. Kwa wawili hawa haikuwa hivyo. Mke alisema harudi, mume akasema hamrudishi. Tarehe 12 Machi 2024 baraza likajaza cheti.

Karatasi inayoua mashauri

Cheti hicho kina fomu yake, Fomu Namba 3 ya kanuni za mabaraza ya usuluhishi za mwaka 1971. Mabaraza mengi hayana fomu hiyo mkononi, hivyo huandika barua kwa namna yao, na hapo ndipo matatizo mengi huzaliwa. Barua moja itasema: "Tunawatambulisha kwako hawa wanandoa, tunaomba uwape talaka." Nyingine itasema: "Baraza limewaruhusu kuachana." Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema jambo ambalo sheria inalitaka lisemwe, yaani kwamba baraza liliwasikiliza wawili hawa na likashindwa kuwapatanisha. Mwanasheria wa upande wa pili akiiona barua kama hiyo, ana pingamizi tayari kabla shauri halijaanza.

Kwa hiyo ukipewa cheti, kisome pale pale kabla ya kuondoka. Angalia kama majina yenu yameandikwa kama yalivyo kwenye cheti cha ndoa, kama inaonekana baraza liliketi lini na ni akina nani waliokuwepo, kama pande zote mbili zilisikilizwa, na kama yapo maneno kwamba usuluhishi umeshindikana. Kosa likionekana siku hiyo, linarekebishwa kwa kalamu. Likionekana baada ya miaka mitatu, linarekebishwa kwa kuanza shauri upya.

Cheti kina pia uhai wake. Maombi ya talaka lazima yaambatane na cheti kilichotolewa si zaidi ya miezi 6 kabla ya maombi kufunguliwa. Cheti cha mama yetu kilitolewa 12 Machi, kwa hiyo kinamfikisha mpaka 12 Septemba 2024. Akikaa mwaka mzima akitafuta nauli na mtu wa kumwandikia, akaja mahakamani Machi inayofuata, atarudishwa barazani. Sababu ya sharti hilo ni nyepesi kueleweka: watu walioshindwa kupatana mwaka jana huenda mwaka huu wamepatana, na mahakama inataka habari za karibuni.

Yako mazingira ambayo baraza linaweza kurukwa. Kama mwenzako amekutelekeza na hujui aliko, huwezi kuambiwa umlete barazani. Kama anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kuingia nchini ndani ya miezi 6 tangu kufunguliwa kwa maombi, vivyo hivyo. Kama ameitwa na baraza akakataa kwa makusudi kufika, kukataa kwake hakuwezi kukufunga wewe. Mfungwa wa maisha, au wa kifungo cha miaka 5 na kuendelea, yumo katika orodha hiyo, na anayedaiwa kuwa na ugonjwa wa akili usiotibika yumo pia. Mwisho, mahakama yenyewe inaweza kuona kwamba mazingira si ya kawaida na kwamba kwenda barazani hakuwezekani. Anayedai kuwa katika mojawapo ya hali hizo anapaswa kuieleza ndani ya maombi yake na kuwa tayari kuithibitisha. Kwa mfano, aliyekataliwa wito aende na maandishi ya baraza yanayoonyesha mwenzake aliitwa lini na kwa njia gani.

Hati ya maombi

Mamlaka ya kusikiliza mashauri ya ndoa yamewekwa katika Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu. Mama yetu anarudi kwenye Mahakama ya Wilaya mwezi Mei, safari hii akiwa na cheti cha ndoa, cheti cha baraza, na hati ya maombi aliyosaidiwa kuiandika na wakili wa msaada wa kisheria. Sasa yeye ni mleta maombi, na mumewe ni mjibu maombi.

Sheria imetaja yanayotakiwa kuwemo katika hati hiyo. Kuna habari za ndoa yenyewe, majina, umri na jinsia ya watoto, sababu za mahakama hiyo kuwa na mamlaka, na mashauri ya ndoa yaliyotangulia kati yao kama yapo. Kuna maelezo ya mambo makuu anayotaka kuyathibitisha. Kisha yako mambo mawili ambayo watu wengi huyaruka, na wakiyaruka huumia.

La kwanza ni kukiri kosa lako. Kama mleta maombi naye aliikosea ndoa, anatakiwa kulitaja kosa hilo ndani ya hati yake mwenyewe. Mama yetu alipoambiwa hivyo alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mwaka 2022 aliuza friji la nyumbani bila kumwambia mume. Wakili akaliandika. Anayeficha huanikwa na mwenzake siku ya ushahidi, na hakimu aliyekuwa akimwamini anaanza kumtilia shaka hata katika yaliyo kweli. Isitoshe, mahakama hukataa kutoa talaka pale maombi yanaposimama juu ya makosa ya mleta maombi peke yake, isipokuwa kuwe na sababu maalumu. Mume aliyehamia kwa mwanamke mwingine hawezi kuja kusema ndoa imevunjika kwa kuwa yeye mwenyewe ameshahama.

La pili ni pendekezo la mali na matunzo. Kama wamekubaliana, makubaliano yaandikwe. Kama hawajakubaliana, mleta maombi aseme anapendekeza nini. Haitoshi kuandika "naomba mgawanyo wa mali". Mama yetu aliandika kwamba kiwanja kilinunuliwa na mume mwaka 2009, kabla ya ndoa. Kwamba nyumba ilijengwa kati ya 2013 na 2018. Kwamba yeye alitoa fedha za matofali na bati kutokana na ushonaji. Na kwamba anaomba nusu ya thamani ya nyumba.

Baada ya ada kulipwa na shauri kupewa namba, mahakama hutoa wito kwa mjibu maombi pamoja na nakala ya hati. Muda wa kujibu unatajwa kwenye wito wenyewe. Mume akijibu, majibu yake huonyesha anakubali lipi na anapinga lipi. Akipokea wito asijibu wala kutokea, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja. Asipopatikana kabisa, mahakama inaweza kuruhusu atangaziwe gazetini. Kinachotakiwa ni uthibitisho kwamba aliarifiwa, kwa kuwa hukumu iliyotolewa nyuma ya mgongo wa mtu asiye na habari hutenguliwa kirahisi.

Siku ya ushahidi

Wengi hudhani kwamba wawili wakikubaliana kuachana, hakimu hana kazi ila kugonga muhuri. Sivyo. Hata mume wa Morogoro alipoandika katika majibu yake kwamba naye anataka talaka, hakimu alibaki na wajibu wa kuchunguza mwenyewe kama ndoa imevunjika kwa kiwango kisichorekebishika. Hiyo ndiyo sababu moja tu ya talaka katika sheria yetu. Uzinzi, ukatili wa mwili au wa nafsi, kutelekezwa kwa miaka 3, kutengana kwa miaka 3, kupuuzwa kwa makusudi na mengine yaliyotajwa katika kifungu cha 107 ni ushahidi wa kuvunjika huko, si tiketi za talaka. Tendo moja la uzinzi lililosamehewa huenda lisitoshe. Mambo matatu madogo yaliyorundikana kwa miaka huenda yakatosha.

Mama yetu alitoa ushahidi kwa kiapo. Alieleza miaka bila matumizi na kuonyesha daftari la deni la duka alilokuwa akichukulia unga. Dada yake alisema alichokiona siku ya kipigo cha pili, si alichosimuliwa. Cheti cha ndoa na cheti cha baraza vilipokelewa kama vielelezo. Na ile karatasi ya talaka ya Januari? Nayo ilipokelewa. Haikuweza kuvunja ndoa yenyewe kwa kuwa ilitangulia cheti, lakini mahakama inaruhusiwa kutazama mwenendo wote wa wanandoa. Mume aliyeandika talaka, akakataa kurejea mbele ya baraza, na akasema tena mahakamani kwamba hamtaki, amejibu mwenyewe swali la kama ndoa inarekebishika. Hakimu akaona kwamba imevunjika kabisa.

Kwenye nyumba mambo yalichukua muda zaidi. Mume alisema kiwanja ni chake tangu 2009. Kweli ni chake, lakini kifungu cha 114 kinahesabu pia mali aliyokuja nayo mmoja ndani ya ndoa, ikiwa iliendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au kwa nguvu zao wote wawili. Sheria inamtaka hakimu apime mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, azingatie mila za jamii yao, madeni waliyoyakopa kwa faida yao wote na mahitaji ya watoto, na baada ya hayo aelekee kwenye usawa. Tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed mwaka 1983, kazi za nyumbani za mke nazo zinahesabiwa kuwa mchango. Lakini kuhesabiwa si kupewa nusu moja kwa moja. Kila upande unatakiwa kuonyesha ulichangia nini na kwa kiasi gani. Stakabadhi za bati alizozitunza kwenye mkoba wa cherehani zilimsaidia mama yetu kuliko maneno yote aliyoyasema. Za matofali hakuwa nazo. Hakimu alikitenga kiwanja, akampa asilimia 40 ya thamani ya nyumba iliyojengwa juu yake.

Kwa watoto, kipimo ni maslahi ya mtoto mwenyewe. Sheria inadhania kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni bora akae na mama yake, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Mtoto wa miaka 5 akabaki kwa mama. Yule wa miaka 11, aliye na umri wa kutoa maoni yake, aliulizwa, akachagua kukaa na mdogo wake. Mume akaamriwa kutoa matunzo ya kila mwezi na akapewa haki ya kuwatembelea.

Amri na yanayofuata

Hukumu ilisomwa Novemba 2024. Mwanasheria wake alimwambia asiondoke na hukumu tu, kwa kuwa karatasi ni mbili. Hukumu inaeleza hakimu alifikirije. Amri ya talaka, ambayo wanasheria huiita dikrii, inasema kwa ufupi kilichoamuliwa. Siku atakapotaka kuolewa tena, au mume atakapokataa kutoa matunzo na ikabidi kukaza hukumu, amri ndiyo itakayotakiwa. Talaka husajiliwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na kwa usajili huo inahitajika amri hiyo.

Asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama ya Wilaya ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na rufaa hiyo huwasilishwa kwenye mahakama ile ile iliyotoa hukumu. Mume alifikiria kukata rufaa kwa ajili ya nyumba. Kitu cha kwanza ambacho wakili wake aliomba kukiona hakikuwa hati ya kiwanja wala hukumu. Kilikuwa cheti cha baraza. Alitazama muhuri, akahesabu miezi kutoka Machi mpaka Mei, akasoma majina ya wajumbe wanne na mwenyekiti wao, akasoma sentensi isemayo kwamba baraza liliwasikiliza wote wawili na likashindwa kuwapatanisha. Akakirudisha mezani na kumwambia mteja wake kwamba hapo hakuna pa kushika.

Kama uko mwanzoni mwa safari hii, usianze kwa kutafuta wakili wala kwa kugombania funguo za nyumba. Nenda kwenye baraza la kata anayoishi mume, pande zote zisikilizwe, soma cheti kabla hujaondoka, na kuanzia tarehe iliyoandikwa juu yake hesabu miezi sita.